Ramani ya Karnaugh ya S haitoi kundi hata moja. Tatizo ni mimi au ni swali? (hafu ada)

#1 Binti Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Nasoma diploma ya umeme hapa Mtwara. Tumepewa kazi: chora saketi ya hafu ada kwa alama za mageti, andika jedwali lake la ukweli, rahisisha kwa ramani ya Karnaugh, kisha uijenge kwenye bredibodi na kuja nayo darasani.

Jedwali nimeandika hivi, A na B zikiwa ni biti mbili za kujumlisha, S ni jumla na C ni biti ya kubeba:

```
A B | C S
0 0 | 0 0
0 1 | 0 1
1 0 | 0 1
1 1 | 1 0
```

C haina maneno, ina 1 moja tu, kwa hiyo `C = AB`. Kazi iko kwa S. Ramani yake ni hii:

```
        B=0   B=1
A=0      0     1
A=1      1     0
```

Zile 1 mbili zimekaa kona kwa kona, hazigusani ubavu. Sipati pa kuzungushia. Nikiandika kila moja peke yake napata `S = A'B + AB'`, yaani kilekile nilichokuwa nacho kabla ya kuchora ramani. Sasa hapo nimerahisisha nini? Mwenzangu ananiambia nimekosea ramani. Naomba msaada kabla ya Jumatatu.

#2 Nangurukuru
Dada, kosa liko kwenye jedwali, usihangaike na ramani. Mstari wa mwisho umeandika S ni 0. Kwenye aljebra ya Boole 1 + 1 = 1, tumefundishwa hivyo. Weka 1 pale, utaona makundi mawili yanatokea yenyewe na jibu litakuwa `A + B`. Kwisha kazi.

#3 Pweza Mkavu
#2 umemjengea binti wa watu geti la OR, halafu unasema kwisha kazi 😂 Hiyo alama ya kujumlisha kwenye Boole ni "au". Hapa tunajumlisha namba kwelikweli. Moja na moja ni mbili, mbili kwa mfumo wa biti inaandikwa 10, basi S inachukua 0 na C inachukua 1. Jedwali lake ni sahihi.

#4 Kaka Ligula
Jedwali ni sahihi, ila kuna kitu wengi hawakijui: kona kwa kona inaruhusiwa. Kwenye ramani ya vigezo vinne, kona zote nne zinazungushiwa pamoja na kuhesabiwa kundi moja. Basi hata hapa zungushia hizo 1 mbili, jibu ni XOR. `S = A ⊕ B`, geti moja. Huko ndiko kurahisisha.

#5 Mwalimu wa Masasi
Kaka Ligula, jibu lako la mwisho ni kweli, lakini njia uliyopita ingemponza mtu kwenye ramani kubwa.

Visanduku viwili huungana kwa sababu vinatofautiana kigezo kimoja tu. Chukua `AB' + AB`. A iko pote pawili, B inageuka. Unatoa A nje, kinabaki `B' + B` ambacho ni 1 siku zote, kwa hiyo B inaondoka. Kuzungushia ni kuifanya hesabu hiyo kwa macho badala ya kalamu. Sasa jaribu hivyo kwa `A'B + AB'`. Ukihama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine A inageuka na B inageuka. Hakuna herufi ya kutoa nje, basi hakuna inayoondoka.

Zile kona nne za ramani ya vigezo vinne zinaungana kwa sababu ukingo wa kushoto umepakana na wa kulia, na wa juu na wa chini. Kila kona ina jirani wa ubavu kwa kuzunguka ukingo. Si kwa sababu zinatazamana kimshazari.

Binti Mikindani, ramani yako haina kosa. Inakwambia kwamba kwa muundo wa AND zinazoingia kwenye OR, `A'B + AB'` ndiyo fupi kuliko zote. Hilo nalo ni jibu la ramani, andika hivyo kwenye karatasi.

#6 Binti Mikindani
Shikamoo mwalimu, na asante. Kwa hiyo nikiandika "haina kundi, tayari imefika mwisho" napata alama?

#7 Mwalimu wa Masasi
Marahaba mwanangu. Mimi ningekupa, ila uonyeshe kwa nini haina kundi.

#8 Kaka Ligula
Mwalimu naheshimu, lakini msahihishaji akiona `A'B + AB'` kabla na `A'B + AB'` baada atasema mwanafunzi hakufanya kitu. Sura ya dama, 1 na 0 zikipishana, ni alama ya XOR. Ukiiona unaandika XOR moja kwa moja. Hata kwenye ramani ya vigezo vitatu S ya fulu ada inatoka dama vilevile. Mtu anayesema ramani "haikusaidia" hajaitazama vizuri.

#9 Mwalimu wa Masasi
Kuitambua sura ni ujuzi mzuri, sikatai. Ninachokataa ni kuiita kundi. Duara ukilichora pale, mwanafunzi ataenda kulichora kimshazari kwenye ramani ambayo haina dama kamili.

#10 Tumbaku Tupu
Tukiacha mitihani, kuna jambo mnaliruka. Ramani ya Karnaugh inatazama tokeo moja tu kwa wakati mmoja. Ramani ya S haijui kama kuna C pembeni yake. Hafu ada ina matokeo mawili yanayotokana na A na B zilezile. Ukirahisisha kila moja chumbani kwake, huwezi kuona kwamba geti la huku lingefaa na kule.

Hesabuni. Kwa `A'B + AB'` unahitaji NOT mbili, AND mbili na OR moja. Ongeza AND ya C. Jumla mageti sita. Sasa zungushieni 0 badala ya 1.

#11 Pweza Mkavu
0 nazo ziko kona kwa kona, tofauti iko wapi?

#12 Tumbaku Tupu
Kweli, nazo hazina kundi. Lakini tazama zinaandikwaje. 0 ya kwanza, pale A na B zote ni 0, inatoa `(A + B)`. 0 ya pili, pale zote ni 1, inatoa `(A' + B')`. Basi:

```
S = (A + B)(A' + B')
```

Simama hapo kwenye mabano ya pili. `A' + B'` kwa kanuni ya De Morgan ni `(AB)'`. Na `AB` ni nani? Ni C, ambayo tumeshaijenga.

```
S = (A + B) C'
```

Kwa hiyo AND moja kwa C, NOT moja ya kuigeuza, OR moja, na AND moja ya mwisho. Mageti manne badala ya sita, tena hakuna haja ya kugeuza A wala B peke yake. Isome kwa maneno: jumla ni 1 pale angalau mmoja akiwa 1, isipokuwa kama kuna cha kubeba. Ndiyo maana ya jedwali lenyewe.

#13 Binti Mikindani
#12 hii nimeirudia kwa kalamu mstari kwa mstari, inakubali yote minne. Sasa naomba niseme hali halisi. Hapa mjini nimezunguka nimepata chipu moja tu, 74LS00, yaani NAND nne. XOR na OR nimeambiwa mpaka ziagizwe Kariakoo zije na basi, na Jumatatu itakuwa imepita. Je, NAND peke yake zinaweza?

#14 Fundi Ngazi
Mdogo wangu, mimi niko Lindi, kazi yangu ni waya za nyumba, hayo mageti siyajui kwa jina. Lakini hiyo S yako naifunga kila nikipata nyumba ya ghorofa. Taa ya ngazi yenye swichi chini na swichi juu. Zote zikilala upande mmoja taa imezimika, moja ikigeuka inawaka, na ya pili ikigeuka inazima. Jedwali lako ni hilohilo. Zinatumika swichi za miguu mitatu, na waya mbili za kupita kati yake.

Na hiyo C ni swichi mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja: mpaka zote ziwashwe. Ukipata swichi za miguu sita, ambazo ukibonyeza zinageuza njia mbili kwa mpigo, upande mmoja unafunga ngazi na upande wa pili unafunga mfuatano. Swichi mbili, taa mbili, betri, kwisha. Hakuna cha Kariakoo.

#15 Pweza Mkavu
Fundi Ngazi amefaulu diploma bila kuhudhuria 😂

#16 Mwalimu wa Masasi
Msimcheke, yuko sahihi kabisa, na ndivyo ilivyoanza. Mwaka 1937 George Stibitz, aliyekuwa Bell Labs, aliunganisha rilei za simu nyumbani kwake, mezani jikoni, zikajumlisha biti. Rilei ni swichi ya fundi inayobonyezwa na sumaku ya umeme badala ya kidole. Maurice Karnaugh naye alikuwa Bell Labs, ramani yake akaichapisha 1953, mwaka mmoja baada ya Veitch kutoa ya kwake inayofanana nayo. Walikuwa wakihangaika na rilei nyingi zenye gharama, ndiyo maana kupunguza hata moja kulikuwa na thamani.

#17 Nangurukuru
Mwalimu umetupeleka mbali, dada anataka NAND.

#18 Tumbaku Tupu
Narudi kwa #13. NAND peke yake zinaweza, ila angalia njia. Ukichukua `A'B + AB'` ukaigeuza kuwa NAND kama ilivyo, unahitaji mbili za kugeuza A na B, mbili za kati, moja ya mwisho: tano kwa S tu. C inataka mbili nyingine, NAND na ya kuigeuza. Jumla saba, na wewe unazo nne.

Sasa tumia ile ya #12. Anza na `S = (A + B)(AB)'` uzidishe ndani ya mabano:

```
S = A(AB)' + B(AB)'
```

`(AB)'` ni NAND ya kwanza, tayari imeumbika. Ipeleke kwenye NAND ya pili pamoja na A, na kwenye NAND ya tatu pamoja na B. Matokeo ya hizo mbili yaingie NAND ya nne, hiyo ndiyo S. Mageti manne.

Ipime kwa A = 1, B = 0. NAND ya kwanza inatoa 1. Ya pili inaona 1 na 1, inatoa 0. Ya tatu inaona 0 na 1, inatoa 1. Ya nne inaona 0 na 1, inatoa 1. Sawa na jedwali. Zikiwa zote 1, ya kwanza inatoa 0, ya pili na ya tatu zinalazimika kutoa 1, na ya nne inatoa 0. Sawa.

Tatizo linalobaki ni C. NAND ya kwanza inakupa C iliyogeuzwa. Kuirudisha unataka NAND ya tano, na kwenye 74LS00 hakuna ya tano.

#19 Chuno Redio na Simu
Ya tano haihitajiki. Geuza taa.

Badala ya kufunga LED ya C kutoka pini kwenda hasi, ifunge kutoka 5 V kupitia rizista ya 1k, ipite kwenye LED, iishie kwenye tokeo la NAND ya kwanza. Tokeo likiwa 0 mkondo unapita na taa inawaka. Tokeo linakuwa 0 pale tu A na B zote ni 1. Hiyo ndiyo C. Chipu moja, hafu ada nzima.

Pini kwa 74LS00 ni hivi:

```
A -> 1, 4        B -> 2, 10
3 -> 5, 9        6 -> 12       8 -> 13
S  = 11
C' = 3
7 = hasi         14 = 5 V
```

Chaja ya simu ya 5 V inatosha. Usiweke betri ya 9 V, na betri nne za 1.5 V nazo zinazidi, LS inataka kati ya 4.75 na 5.25.

#20 Kaka Ligula
Chuno hapo umekwepa. Swali linasema hafu ada, tokeo la pili liwe C, wewe umempa C' na taa iliyogeuzwa. Akitaka kuunganisha hafu ada mbili apate fulu ada, C yake itasoma kinyume.

#21 Chuno Redio na Simu
Kazi yake ni taa mbili darasani Jumatatu. Lakini hata fulu ada haiharibiki, inakuwa rahisi zaidi. Fulu ada ni hafu ada mbili na OR ya kuunganisha zile C. Ukiwa na C' mbili, NAND moja tu juu yake inafanya kazi ya ile OR: moja ikishuka kuwa 0, tokeo linapanda. NAND nne na nne na moja, tisa.

#22 Mwalimu wa Masasi
Na kwenye mchoro wa karatasi, binti, chora NAND ya tano kuonyesha C kamili. Kwenye bredibodi fuata Chuno, na uandike pembeni kwamba taa ndiyo inayogeuza. Mtu asiulize kwa nini mchoro una tano na ubao una nne.

#23 Binti Mikindani
Nimefunga kama #19 kwa pini zilezile. Vitufe viwili vya kubonyeza, kila kimoja kinapeleka 5 V kwenye A na B. Nikiwasha tu, kabla sijabonyeza chochote, taa ya C inawaka na ya S imezima. Nikibonyeza A hakuna kinachobadilika. B hakuna. Zote hakuna. Chipu imekufa?

#24 Mtama wa Nachingwea
Haijakufa, ingizo linaelea. Kitufe kikiachwa, pini haijashikwa na kitu. Weka rizista ya 10k kutoka A kwenda hasi, na nyingine kutoka B kwenda hasi. Mimi naweka hivyo siku zote kwenye saketi zangu, haijawahi kunisumbua.

#25 Binti Mikindani
Nimeweka 10k zote mbili. Iko vilevile. C inawaka.

#26 Pweza Mkavu
Basi hiyo ni mashetani ya Mikindani.

#27 Chuno Redio na Simu
Mtama amegundua ugonjwa, dawa yake ni ya chipu nyingine. Zake bila shaka ni 74HC. Hizo ni CMOS, pini yake karibu haili mkondo, 10k inaishusha bila shida. LS ni kizazi cha TTL. Pini ya LS ikiachwa inajiona iko 1, ndiyo maana umeanzia mstari wa nne wa jedwali lako: A 1, B 1, C inawaka, S imezima. Ukibonyeza unaipa 1 iliyokuwa nayo tayari. Saketi inafuata jedwali barabara, ila iko kwenye mstari mmoja muda wote.

Kuishusha pini ya LS lazima uvute mkondo utoke, hadi 0.4 mA kwa kila ingizo. Na A yako inaingia mageti mawili, pini 1 na 4, hivyo ni 0.8 mA. Mkondo huo ukipita kwenye 10k unadai volti 8, wakati una 5 tu. Pini haitashuka kamwe chini ya 0.8 V, na juu ya hapo chipu haikuahidi kuisoma kama 0. Hata 1k inakupa 0.8 V kamili, uko ukingoni. Weka 470. Hapo 0.8 mA mara 470 ni chini ya 0.4 V, salama.

Ukiwa na mita, weka kwenye volti za DC na upime pini 1 kitufe kikiwa kimeachwa. Ukiona kitu kati ya volti 1 na 2, hiyo ndiyo pini inayoelea au iliyoshikwa kinyonge. Ya kweli inasoma karibu na sifuri.

#28 Mtama wa Nachingwea
Ni kweli zangu ni HC. Ila 470 kitufe kikibonyezwa kinakula zaidi ya 10 mA bure kwa kila upande. Njia ya heshima kwa LS ni kugeuza: rizista ya 10k kwenda juu, kitufe kiende hasi.

#29 Tumbaku Tupu
Ukifanya hivyo kubonyeza kunakuwa 0 na kuacha kunakuwa 1. Msahihishaji akibonyeza vyote viwili atarajie C, taa zote zitazima. Utamwelezaje?

#30 Mtama wa Nachingwea
Nitamweleza kwamba kubonyeza ni 0. Vifaa vingi viko hivyo.

#31 Fundi Ngazi
Au aweke swichi ya miguu mitatu ya kugeuza badala ya kitufe. Mguu wa kati kwenye pini, upande mmoja 5 V, upande wa pili hasi. Pini haielei tena, na rizista haihitajiki. Ile ile ya ngazi, ndogo tu.

#32 Chuno Redio na Simu
Fundi umeongea. Ndogo zake zinapatikana hata kwenye redio mbovu, ile ya kuchagua AM na FM.

#33 Nangurukuru
Tukirudi kwenye ramani, kuna mtu hajajibu. Kama ramani haikuunganisha chochote kwa S, na C ilikuwa na 1 moja tu, kwa nini mwalimu wao aliwapa kazi ya kuichora?

#34 Mwalimu wa Masasi
Ili waone ukomo wake mapema, mimi nadhani. Uwezo wake wanauona wakifika fulu ada. Pale biti ya kubeba ina 1 nne kwenye visanduku vinane. Ukipanga safu kwa mpangilio huu:

```
        BD=00  01  11  10
A=0        0   0   1   0
A=1        0   1   1   1
```

D ni ile iliyobebwa kutoka nyuma. Kisanduku cha `ABD` kinaungana na majirani zake watatu, kila mmoja kwa wakati wake, unapata `AB + BD + AD`. Maneno manne yenye herufi tatu yamekuwa matatu yenye herufi mbili. Angalieni safu zinakwenda 00, 01, 11, 10. Mtu akiandika 00, 01, 10, 11 kwa mazoea ya jedwali, majirani wanaachana na makundi mengine hayaonekani, au yanaonekana ya uongo. Kwenye hafu ada kosa hilo halijitokezi kwa kuwa kila upande una 0 na 1 tu.

#35 Kaka Ligula
Na S ya hiyo fulu ada ni dama tupu, kama nilivyosema #8. XOR.

#36 Tumbaku Tupu
Mimi naona walipewa ili wagundue ile ya #12, kwamba ramani mbili zikiwekwa bega kwa bega, 0 moja ya S iko palepale penye 1 ya C. Ramani moja haikwambii, lakini mbili zinakwambia.

#37 Mwalimu wa Masasi
Huenda. Ila hiyo ni macho yako na De Morgan. Njia ya Karnaugh yenyewe haina kanuni ya kushirikisha geti.

#38 Tumbaku Tupu
Basi kanuni iongezwe, mwalimu.

#39 Binti Mikindani
Nimepata swichi mbili za kugeuza kwa fundi wa redio hapa Chikongola. Mistari yote minne inakubali. Pini 1 ikiwa chini mita inasoma sifuri. Nawashukuru wote.

Bado jambo moja. Taa ya S inawaka hafifu kuliko ya C, na rizista zote ni 1k, LED zote nyekundu, nimezibadilishana na bado ya S ndiyo hafifu. Kuna waya nimekosea?

#40 Chuno Redio na Simu
Hakuna kosa. LS ina nguvu ya kuvuta, haina ya kusukuma. Ikishuka chini inameza hadi 8 mA, ikipanda juu imeahidiwa 0.4 mA tu, na volti yake haifiki 5. Taa ya C inavutwa, ya S inasukumwa. Ukitaka zifanane weka transista ya BC547 kwa S: pini 11 kupitia 10k kwenye besi, emita kwenye hasi, LED na 1k yake kati ya 5 V na kolekta. Pini 11 ikipanda, transista inafungua na taa inavutwa kama ile ya C.

#41 Mtama wa Nachingwea
Au aagize 74HC00, pini ni zilezile, inasukuma na kuvuta sawasawa. Achomoe hiyo achomeke hii.

#42 Chuno Redio na Simu
Itafika Jumanne. BC547 ninazo dukani, aje kesho kabla ya saa sita.